Mgeni ana dakika 35, wewe una moja na nusu

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja Lindi mjini. Mwezi ujao tunapokea mgeni, mhifadhi mstaafu wa mambo ya kale, aje kuzungumza na wanafunzi wetu 400 juu ya mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kilima cha mkoani kwetu. Nimepewa kazi ya kumtambulisha. Amenitumia wasifu wa kurasa nne, nami nimeandika utambulisho wa kurasa mbili, vyote nimekutumia. Tuna saa moja tu, saa 8 hadi saa 9 mchana. Mwaka jana mgeni alitambulishwa mpaka akakosa muda wa kuzungumza. Niandike nini, nini nikiache?*

Marahaba, mwalimu. Kurasa zako nimezisoma zote mbili, na nimezisoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu, kwa mwendo wa mtu anayesimama mbele ya bwalo lenye wanafunzi 400 na bati juu. Zimechukua dakika nane na sekunde chache. Kabla hujafuta lolote, kumbuka kipimo hiki: mbele ya umati, Kiswahili cha kueleweka kinakwenda kama maneno 100 kwa dakika. Ukiwa mezani peke yako unasoma mengi zaidi, lakini bwaloni sauti inarudi ukutani, watoto wanacheka, kipaza sauti kinapiga mluzi, unasubiri. Kurasa zako zina maneno kama 800.

Sasa tupige hesabu ya saa yako moja, maana ndiyo itakayotuambia una maneno mangapi. Mgeni mwenye picha za kuonyesha anahitaji dakika 35. Chini ya hapo atakimbia. Maswali mpe 15, watoto wa Lindi wanauliza. Hizo ni 50. Mkuu wa shule akikaribisha kwa dakika tatu, mwanafunzi akashukuru kwa mbili, mgeni akatumia moja kutoka kitini, kushika kipaza sauti na kuwasalimu, tayari umebakiwa na nne. Toa mbili na nusu za projekta kugoma au kidato cha pili kuchelewa kuingia. Umebaki na moja na nusu. Hiyo ndiyo yako: maneno 150 ukijibana, na mimi nakushauri uandike 120 ili upate nafasi ya kupumua.

Najua unavyojisikia, maana wasifu wa kurasa nne umeletwa na mtu mzima, na kuuacha mezani unaona kama kumvunjia heshima. Lakini jiulize wanafunzi watafanya nini na mwaka aliomaliza darasa la saba. Wasifu unaandikwa kwa ajili ya mwajiri, anayetaka kujua kama huyu anafaa. Mtu aliyekaa bwaloni saa 8 mchana, ubwabwa na maharage bado viko tumboni, ana swali moja tu kichwani: kwa nini nimsikilize huyu, juu ya jambo hili? Katika kurasa zile nne kuna sentensi moja tu inayolijibu, nayo iko ukurasa wa tatu katikati: kwamba kwa miaka 11 mama huyu amekuwa akienda vijiji vinavyozunguka Tendaguru kuwauliza wazee walichosimuliwa na babu zao kuhusu uchimbaji ule. Kwako umeiweka karibu na mwisho, baada ya vyeti sita na semina tatu. Hapo watoto wa nyuma watakuwa wameshaanza kusukumana.

Shahada na vyeo viache. Kama ana udaktari, neno "Daktari" mbele ya jina limeshasema yote. Nami nakuonya hapo hapo, kwa sababu nimeliona mara nyingi huku kwetu: mgeni mwanaume anaitwa Daktari fulani, mgeni mwanamke mwenye udaktari uleule anakuwa "mama yetu". Kwa mapenzi kabisa, lakini wasichana wa kidato cha tatu wanasikia tofauti. Muulize mwenyewe anavyotaka kuitwa, ufuate.

Na hapo tumefika kwenye kazi inayokuja kabla ya kuandika, ambayo naona hukuifanya. Mpigie simu. Usimwandikie ujumbe, mpigie, maana unataka kumsikia akilitamka jina lake. Jina lenye ng' likisomwa kama ng ya ngoma, mgeni atatabasamu tu, lakini ndugu zake waliokuja watanong'onezana mpaka mwisho. Liandike kwenye karatasi yako kama linavyotamkwa, hata kama maandishi yake yanaonekana ya kitoto. Halafu muulize: "Utaanza na nini?" Usimuulize mada yote, mwanzo tu. Pengine ataanza na picha, pengine na kisa cha mzee fulani, pengine na mfupa wa mfano alioubeba mkobani. Utambulisho wako unatakiwa uwafikishe wasikilizaji mlangoni mwa sentensi yake ya kwanza, kisha uwaache hapo. Bila kujua mlango uko wapi utawapeleka dirishani.

Swali la mwisho la simu ni hili: kuna jambo usilotaka niliguse? Kwa mgeni wako swali hili si la adabu tu. Umeandika kwamba atakuja "kutueleza kwa nini mifupa yetu lazima irudishwe kutoka Ujerumani." Je, amekuambia hivyo? Kwenye wasifu sikuona. Hoja ya kurudisha mifupa imejadiliwa mpaka bungeni, watu wana maoni yao, na mtumishi wa umma, hata mstaafu, huenda ana sababu za kutosimama upande mmoja mbele ya bwalo. Ukimtangazia msimamo, ana njia mbili: aukane, akuaibishe, au aukubali kimya, ajiaibishe. Na wanafunzi nao watauliza hilo tu.

Hilo la kuahidi kwa niaba ya mgeni mimi nililipia ada. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mshereheshaji wa mkutano wa wakulima wa korosho, kijiji kimoja upande wa Newala, na mgeni alikuwa mtafiti. Sikumpigia. Nikajua tu, mtafiti wa korosho mwezi wa sita atasema nini kama si ugonjwa wa ubwiri unga? Nikasimama, nikawaeleza wakulima habari ya ubwiri unga kwa dakika sita, nikawaambia mgeni atatufundisha kupulizia salfa. Mtafiti alikuja kuzungumza juu ya kubebesha mikorosho ya zamani, yaani kuiunganishia vikonyo vya mikorosho mingine, na alikuwa amebeba vikonyo vyake kwenye gunia lililoloweshwa. Aliongea vizuri, lakini maswali yote yalikuwa bei ya salfa, mbona imechelewa, nani ameandikishwa, nani ameachwa. Hakuna aliyeuliza juu ya vikonyo. Na mzee mmoja aliyekaa mbele akanirekebisha mbele ya watu, kwa upole uliouma, kwamba salfa inapulizwa alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, si "asubuhi yoyote" kama nilivyosema. Nilikuwa nimewafundisha wakulima kilimo.

Kwa hiyo utambulisho unaweza kuharibu hotuba kwa njia mbili zisizofanana. Kuna kula muda, ambako kila mtu anakuona. Na kuna kumwibia mgeni kitoweo, ambako huonekani mpaka uchelewe. Wewe umefanya la pili katika aya yako ya tano, na nasikitika kukuambia kwamba ni aya nzuri kuliko zote ulizoandika. Unasema kuna mnyama wa Tendaguru aliyepewa jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa huku, na mwingine aliyepewa jina la Wamwera. Ni kweli. *Australodocus bohetii* alitangazwa mwaka 2007, na *Wamweracaudia* mwaka 2019. Nusu ya bwalo lako ni Wamwera. Wakisikia hilo watapiga kelele mpaka barabarani. Ndiyo maana silo lako. Mtu aliyezunguka vijiji miaka 11 akitafuta majina ya wale wachimbaji hatakosa kulisema, na pengine ndipo hotuba yake inapopandia kileleni. Ukilisema wewe saa 8 na dakika tano, yeye akilifikia saa 8 na nusu litakuwa kiporo. Kama una shaka, liongeze kwenye simu: "Habari ya Boheti na Wamwera nikuachie?" Nina hakika atakujibu haraka.

Basi muktadha ni nini, kama kitamu chote ni cha mgeni? Ni kile kidogo ambacho msikilizaji akikikosa hataelewa sentensi ya kwanza. Chukua kwamba mgeni amekuambia ataanza na picha ya lile gofu la mifupa lililosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, labda amehamia kutoka Tunduru juzi, anaiona picha ya mijitu ya kizungu imesimama chini ya mifupa. Anahitaji kujua nini ili picha ile imshtue? Kwamba mnyama yule alitoka hapa. Kwamba ilikuwa kati ya 1909 na 1913. Kwamba mifupa ilipita mji huu huu anaokaa. Basi. Hahitaji enzi za miamba, wala orodha ya spishi, wala namna Wajerumani walivyofika pwani. Umeandika pia aya juu ya Majimaji, na ni kweli vita vile vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vimekwisha juzi tu uchimbaji ulipoanza, na nchi ilikuwa imeumia. Lakini jambo zito hivyo halitajwi kwa sentensi mbili ukapita. Ama mgeni alibebe kwa uzito wake, ama wewe ulirudie darasani wiki inayofuata, una ubao na vipindi viwili.

Hivi ndivyo ningeandika mimi, kwa kutumia yaleyale uliyonitumia:

"Wageni wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Katika jumba moja la makumbusho mjini Berlin, Ujerumani, kuna mifupa ya mnyama iliyounganishwa ikasimamishwa. Kimo chake kinapita mita 13. Tungemsimamisha hapa, kichwa kingetoboa bati.

Mnyama yule hakutoka Ulaya. Alitoka Tendaguru, mkoani kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ilichimbwa na watu wa huku, ikabebwa na watu wa huku, kwa miguu, mpaka bandarini hapa Lindi, ikapakiwa melini.

Wengi wetu tumelisikia jina la Tendaguru. Waliofika ni wachache.

Mgeni wetu amefika mara nyingi. Ni mhifadhi wa mambo ya kale, na kwa miaka 11 amekaa na wazee wa vijiji vinavyokizunguka kilima kile, akiwauliza walichosimuliwa na babu zao. Ametuletea picha. Maswali tuyaweke, tutauliza mwishoni.

Tumkaribishe Daktari…" na hapo jina lake kamili, mara moja, polepole.

Hayo ni maneno kama 110. Nimeyasoma kwa sauti, nikapata dakika moja na sekunde kumi.

Angalia nilichofanya na itifaki. Kwenye karatasi yako umetaja mkuu wa shule, makamu, mwenyekiti wa bodi, mtendaji wa kata, mwakilishi wa wazazi, kila mmoja na cheo chake, maneno 70 kabla hujafika popote. Hao atawataja mkuu wa shule anapokaribisha, ni nafasi yake. Wewe una "itifaki imezingatiwa", maneno mawili ambayo yamewaokoa Watanzania wengi. Lakini hakikisha kweli mkuu wa shule atawataja, mwulize asubuhi ile, kwa sababu mtendaji wa kata aliyerukwa na wote wawili hasahau. Na kama siku hiyo atakuja mgeni rasmi, tuseme mtu wa wilayani, jua kwamba huyo na mtoa mada ni watu wawili. Mgeni rasmi anatambulishwa na mkuu wa shule kwa cheo chake. Mtoa mada anatambulishwa na wewe kwa kazi yake. Nimeona hafla zikichanganya hayo, mtoa mada akapewa sifa za mgeni rasmi na mgeni rasmi akaulizwa maswali ya kitaalamu ambayo hakuyajua.

Angalia pia jina limekaa wapi. Umeanza nalo mstari wa kwanza, ukalirudia mara sita. Ukilitaja mwanzo, watoto wanapiga makofi mwanzo, mgeni anainuka nusu, anaona bado unaongea, anakaa tena. Sijui kama kuna kiti kigumu kuliko hicho. Jina likiwa neno la mwisho, makofi yanakuja yenyewe na yanampeleka mpaka mbele. Huhitaji kuwaomba "makofi ya kilo". Tatizo ni kwamba mkuu wa shule naye atataka kumtaja kwa jina katika makaribisho. Mwombe aseme "mgeni wetu kutoka Mambo ya Kale" na akuachie jina. Wakuu wengi wanakubali ukiwaeleza. Asipokubali, usigombane, bado mwisho wako utafanya kazi.

Kuna sentensi tatu nilizozitoa na sikuweka kitu badala yake. "Mgeni wetu hahitaji utambulisho." Kama hahitaji, keti. "Bila kupoteza muda." Imekaa mwanzoni mwa ukurasa wako wa pili, dakika ya nne. Na "ni mtaalamu aliyebobea asiye na mfano nchini." Hiyo ya tatu ndiyo yenye madhara, kwa sababu mgeni mwenye haya ataanza hotuba yake kwa kujikanusha, jamani nimesifiwa mno, mimi wa kawaida tu, na dakika mbili zimekwenda. Miaka 11 vijijini ni sifa tosha, tena inaweza kuhakikiwa. Ila ihakiki kweli. Wasifu mwingi ni wa zamani, na ule uliotumiwa unaweza kuwa ulisema 11 miaka mitatu iliyopita.

Kipimo chako cha mwisho kabla ya siku yenyewe: msomee mtu asiye mwalimu wa historia, mpishi wa shule au mlinzi, kisha muulize mgeni anakuja kuzungumza juu ya nini na kwa nini ni yeye. Akijibu yote mawili, acha kuandika. Akijibu la kwanza tu, sentensi ya miaka 11 haijasikika, isogeze au isome taratibu zaidi. Akikuuliza "sasa huyo mnyama aliitwaje?", umefaulu, ndiyo njaa unayotaka mgeni aikute.

Siku yenyewe, projekta iwashwe na picha ya kwanza iwe ukutani tayari, imezibwa kwa kitambaa au karatasi, kabla wanafunzi hawajaingia. Utambulisho wa dakika moja hauna maana kama waya utatafutwa kwa dakika saba baada yake. Karatasi yako iandike kwa herufi kubwa, upande mmoja, usisome kwenye simu, ikipigwa ukiwa mbele utajuta. Umeme ukikatika na kipaza sauti kikanyamaza, usipige kelele ukisoma yote. Sema aya ya Tendaguru na bandari, sema miaka 11, sema jina. Kumbe hata hivyo inatosha, utajionea.

Ukishalitaja jina, geuka umtazame yeye, si wanafunzi. Mpe kipaza sauti mkononi kikiwa kimewashwa, toka upande ule ambao yeye haingilii, ukae mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Kwenye simu mkubaliane pia kwamba dakika yake ya 30 utainua kalamu kumkumbusha muda, na siku hiyo kalamu iwe na wewe. Na shukrani mwachie yule mwanafunzi uliyempanga, hata akikosea, usisimame tena kumkamilishia.